Kibuyu na Maelezo Yake: Juu ya Uaminifu wa Mfasiri katika Makumbusho

Je, mfasiri akiongeza neno ambalo halimo katika maandishi aliyopewa, amesema uongo? Na akiliacha neno lililomo, amemdhulumu mwenye maandishi? Maswali haya ni ya zamani miongoni mwa wafasiri wa vitabu, nao wamekwisha jipatia mahali pa kukimbilia, yaani tanbihi. Mfasiri wa kitabu akikutana na neno lisilo na mwenzake katika lugha ya pili huliacha kama lilivyo, akaweka namba ndogo juu yake, kisha akalieleza kwa utulivu chini ya ukurasa. Hapo hawezi kulaumiwa na mtu: hakuongeza wala hakupunguza.

Lakini yuko mfasiri asiyeweza kukimbilia huko, naye ni yule anayefasiri vibao vya maelezo katika nyumba za makumbusho, pamoja na mwenzake anayefasiri maneno ya kuwaongozea watalii. Msomaji wake amesimama. Pengine amebeba mkoba, pengine ameshika mtoto, na nyuma yake wapo wengine wanaongoja zamu ya kuona. Ndiyo maana wanaoshughulika na kazi hii hupendelea kibao cha kitu kimoja kisizidi maneno 50 au 60 hivi. Tanbihi ya herufi ndogo iliyowekwa chini ya kibao humlazimisha msomaji kuinama, na akiinama huacha kukitazama kile kitu alichokuja kukiona. Wengi hawainami. Basi neno geni lililoachwa juu likitegemea maelezo ya chini hubaki bila maelezo yoyote, na mfasiri aliyejidhania kuwa mwaminifu amemwacha mgeni mlangoni.

Twataka kulitazama jambo hili kwa mfano mmoja tu, nao ni Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Tumeuchagua kwa kuwa katika habari hiyo karibu kila neno kubwa ni gumu kwa mtu fulani, ila si kila neno kwa mtu yule yule. Hilo ndilo tutakalolirudia.

Walimu wanaifahamu habari yenyewe. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, kwa malipo madogo mno. Katika Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alitokea kuwa mganga mwenye sifa kubwa. Masimulizi yanasema alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu. Akawagawia watu maji ya dawa. Mwezi wa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti mwaka ule ule, lakini vita vilienea hata kwa Wangoni na makabila mengine mengi ya kusini.

Sasa tuchukue kibao kimoja. Kibao hiki tumekitunga wenyewe kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini aliyewahi kutembelea makumbusho atamtambua ndugu yake. Katika kabati la kioo kipo kibuyu kidogo. Maelezo yaliandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni, kisha mfasiri mwangalifu akayaleta katika Kiswahili hivi:

“Kibuyu. Kilitumika kuhifadhia maji ya kichawi wakati wa Uasi wa Maji Maji. Mganga Kinjikitile, aliyepagawa na Hongo (1), aliwagawia wafuasi wake maji haya, na habari zake zilienezwa kwa njia ya njwiywila (2). Wenyeji waliamini kuwa yangewakinga na risasi, nao wakaasi dhidi ya maakida (3) na wakoloni.”

Chini yake, kwa herufi ndogo, zipo tanbihi tatu: ya kwanza yasema Hongo ni pepo, ya pili, njwiywila ni habari ya siri, ya tatu, akida ni ofisa wa utawala.

Mfasiri huyu hakukosea neno hata moja, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Kila neno la asili lina mwenzake. Hata hivyo tuliposoma maelezo ya namna hii pamoja na kundi la wanafunzi wa sekondari, waliyanakili yote katika madaftari, kisha wakacheka. Walicheka kwa sababu ya Hongo. Kwa kijana wa leo hongo ni rushwa, na mtu aliyepagawa na hongo humkumbusha afisa mwenye tamaa. Msafiri atokaye Ulaya asingecheka, maana kwake Hongo ni jina tu kama majina mengine. Hapa twaona jambo ambalo wafasiri wengi hulisahau: neno linaloweza kumpotosha msomaji si lazima liwe neno la kigeni. Aghalabu ni lile analolijua tayari kwa maana nyingine.

Neno “maji” lenyewe ni hivyo hivyo. Mswahili halihitaji kuelezwa maji ni nini, bali ahitaji kuelezwa kuwa hapa maji ni dawa. Mgeni ahitaji yote mawili. Ahitaji kujua kwanza kwamba maji ni neno la kila siku la kitu kinachonywewa, kwani asipojua hilo atadhani Maji Maji ni jina la kabila lililopigana, kosa ambalo tumelisikia zaidi ya mara moja. Kwa upande mwingine, jina la Gavana von Götzen, aliyeitawala koloni wakati huo, halihitaji maelezo marefu kwa Mjerumani, ila kwa mwanafunzi wa Tunduru lahitaji walau neno “gavana” mbele yake. Basi maelezo yaliyo sawa katika lugha zote mbili hayawezi kuwa sawa kwa wasomaji wote wawili. Mwenye kuyahamisha kama yalivyo, pamoja na tanbihi zake, hufasiri maneno na kuacha kufasiri ujinga wa msomaji, ilhali ujinga huo ndio uliofanya maelezo yahitajike.

Kutokana na hayo twasema kwamba mfasiri wa kibao ana ruhusa, bali ana wajibu, wa kuongeza na kuacha. Wapo watakaopinga. Watasema: leo ataongeza neno moja la kueleza, kesho ataongeza rai yake, na kesho kutwa historia itakuwa mali yake. Pingamizi hili ni la haki, wala hatulipuuzi. Ndiyo maana yafaa tuangalie nyongeza ipi ni ya kueleza na ipi ni ya kuhukumu.

Turudi kwenye kibuyu, tuanze na akida. Kijana wa leo hajapata kumwona akida, na tanbihi isemayo “ofisa wa utawala” haimwambii lolote. Lakini tukiandika “akida, aliyekusanya kodi na kusimamia pamba kwa niaba ya Wajerumani”, neno limejieleza kwa kazi ya mtu mwenyewe, na sentensi haikusimama. Hii ndiyo njia iliyo bora kuliko zote: kuliacha neno lifanye kazi yake mbele ya macho ya msomaji. Kuweka mabano, kwa mfano “akida (ofisa)”, huonekana kuwa rahisi, lakini mabano ni kama mizani. Humwambia msomaji kwamba vitu viwili vina uzito sawa, na mara nyingi havina.

Ubaya wa mizani hiyo huonekana zaidi huko Songea. Mji huo una jina la Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wengine wengi. Songea alikuwa nduna. Mfasiri aandike nini kwa wageni? Akiandika neno lao la “jenerali”, amempa sare na nishani, na kumnyang'anya watu aliowatawala. Akiandika “chifu”, amemweka katika daraja ambalo serikali za kikoloni zilipenda kuwatia viongozi wote wa Afrika bila kubagua. Akiandika “nduna (chifu)”, amefanya kosa lile lile huku akijificha. Lakini akisema kuwa Songea Mbano alikuwa nduna, aliyeongoza majeshi na kutawala watu wa eneo lake chini ya nkosi, mfalme wa Wangoni, neno limebaki na heshima yake, na mgeni ameondoka na maneno mawili ya Kingoni anayoweza kuyatumia katika kibao kinachofuata. Maneno mawili yatosha. Yakizidi hapo katika kibao kimoja, msomaji huyaacha yote.

Basi Hongo je? Katika maneno 50 hatuwezi kumweleza Hongo inavyostahili. Tukisema “pepo”, kijana wa pwani atafikiria pepo wa ngoma, na mwingine atafikiria pepo mbaya anayefukuzwa. Tukimweleza kwa urefu, kibuyu kitasahauliwa. Rai yetu ni kwamba Hongo aondolewe katika kibao hiki, na apewe kibao chake mwenyewe penye nafasi ya kusema alikuwa nani kwa watu wa Rufiji na Umatumbi, na uhusiano wake na dawa ulikuwaje. Twakubali kwamba hii ni hasara. Atakayeishia kwenye kibuyu hatamjua Hongo kamwe. Lakini tumepima hasara hiyo na ile ya kicheko cha wanafunzi, tukaona kicheko kimemharibia Hongo zaidi kuliko kimya.

Yabaki maneno mawili ambayo si magumu kueleweka hata kidogo, nayo ndiyo yenye hatari kubwa: “kichawi” na “uasi”.

Uchawi katika lugha yetu ni jambo la kudhuru. Mganga si mchawi, na maji ya Kinjikitile yaliitwa dawa. Mfasiri aliyeandika “kichawi” alilifuata neno la maandishi ya kigeni, lugha ambayo hutumia neno moja kwa kiinimacho cha mchezoni na kwa uganga, akalileta katika lugha inayotenga mambo haya kabisa. Hapa uaminifu kwa neno umekuwa uongo kwa jambo. Lakini tukiandika “dawa” tu, tumesema kwamba maji yalizuia risasi? La hasha. Na tukiandika “wenyeji waliamini”, tumekuwa waangalifu? Ndiyo, ila angalia jambo moja. Katika vibao vingi ni Mwafrika peke yake anayeamini. Mjerumani hujua, huamua, hupanga. Hakuna kibao tulichokiona kisemacho kuwa serikali iliamini kwamba watu wangelima pamba bila malipo ya haki na bila kuchoka, ingawa imani hiyo nayo ilithibitika kuwa si ya kweli. Dawa ya ugonjwa huu si kuongeza “waliamini” upande wa pili, jambo ambalo lingekuwa kejeli, bali ni kumtaja aliyesema. “Kinjikitile alisema ni dawa itakayoigeuza risasi kuwa maji.” Sentensi hii ni kweli kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa, haidhihaki, wala haidai lolote juu ya risasi. Msomaji ataamua mwenyewe.

Kuhusu “uasi”, hukumu yetu haina namna moja. Mwenye kuasi ni yule anayekataa amri ya mtu aliye na haki ya kumwamuru. Serikali ya koloni iliviita vita hivyo uasi kwa kuwa ilijihesabu kuwa na haki hiyo. Sisi huviita vita. Ikiwa kibao ni sauti ya makumbusho yenyewe, basi mfasiri aandike vita, hata kama maandishi aliyopewa yasema uasi, lakini kwanza amwone mwenye makumbusho wakubaliane, asibadilishe kwa siri. Ikiwa ndani ya kabati ipo hati ya mwaka 1905, tangazo la serikali au barua ya ofisa, na mfasiri anaifasiri hati hiyo, basi uasi ubaki kuwa uasi, na matusi yabaki kuwa matusi. Hati ile ni shahidi, nasi hatuna ruhusa ya kumsafisha shahidi kinywa. Kinachohitajika ni kwamba msomaji ajue nani anasema: “Gavana aliandika kwamba…” Maneno matatu yamefanya kazi ya tanbihi nzima.

Desturi hiyo hiyo ya kumtaja mwenye neno hutuokoa mbele ya tarakimu. Ni watu wangapi walikufa? Hesabu ya Wajerumani wa wakati ule ilitaja watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hata 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya majeshi kuteketeza mashamba na maghala ya chakula. Mfasiri mwoga huandika namba moja na nyota, akaiweka ya pili chini. Namba ya chini husomwa na wachache. Afadhali zote mbili ziwe katika sentensi moja, kila moja na mwenye kuihesabu.

Tukiyakusanya hayo, kibao cha kibuyu kingesomeka hivi kwa msomaji wa Kiswahili:

“Kibuyu cha maji. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji, akasema ni dawa itakayoigeuza risasi ya Mjerumani kuwa maji. Habari ilipita kwa mnong'ono kutoka kijiji hadi kijiji. Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Mwezi wa Julai watu waliing'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu chini ya maakida wa serikali. Vita vikaanza.”

Ni maneno 50, hayana tanbihi wala mabano, na neno geni ni moja tu, ambalo limeelezwa kabla ya kutajwa. Huo nao ni ufundi mdogo wenye manufaa: msomaji akikwisha kulipata jambo, jina humwingia kama zawadi; akipewa jina kwanza, humwingia kama mtihani.

Tafsiri ya wageni haitakuwa nakala ya hii. Tukiirudisha katika Kiswahili, yapasa isomeke hivi: “Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale, mganga wa kijiji cha Ngarambe, kusini ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliwagawia watu dawa iliyoitwa kwa neno la kila siku la Kiswahili, maji. Alisema ingezigeuza risasi za wakoloni kuwa maji…” Tumeongeza mahali, tumeongeza kazi ya Kinjikitile, tumeongeza maana ya maji. Ili tupate nafasi, akida ameondoka, na pamba imebaki kuwa “waliyolazimishwa kuilima na serikali”. Mwenye kuziweka tafsiri hizi mbili kwenye mizani ya maneno ataziona hazilingani. Mwenye kuwauliza wasomaji wawili walichokielewa ataziona zinalingana.

Kipimo hicho ndicho tunachowapendekezea walimu, na hakihitaji gharama. Tafsiri ya kigeni apewe mtu wa pili, asiyeyaona maandishi ya kwanza, airudishe katika Kiswahili. Ikirudi na “mchawi” mahali pa mganga, au “kabila la Maji Maji”, mfasiri amekwisha kuliona shimo kabla mgeni hajatumbukia. Kisha kibao cha Kiswahili asomewe mwanafunzi wa kidato cha pili mara moja tu, kwa sauti, akiwa amesimama; aulizwe nani alifanya nini, na kwa nini. Akijibu kwa maneno yake mwenyewe, kibao ni kizuri. Akirudia maneno ya kibao bila kuyageuza, hakuelewa. Na dalili nyingine hupatikana kwa mlinzi wa chumba: swali ambalo wageni humwuliza kila siku ndilo ambalo kibao hakikulijibu.

Mwongoza watalii yu katika hali tofauti kidogo, kwa kuwa msikilizaji aweza kumkatiza na kuuliza. Naye hana tanbihi, lakini ana nafasi ya kurudia. Hatari yake ni kinyume cha ile ya kibao. Kwa kuwa maneno hayamwishii, hukoleza. Kidimbwi cha Kinjikitile huongezewa mamba, na kila msimu mamba huzidi urefu. Maneno ya mwongozo yaliyoandikwa vizuri yapasa yamwonyeshe pale ambapo ni lazima aseme “masimulizi yanasema”, na katika tafsiri maneno hayo mawili yasiachwe kamwe, hata kama sentensi ingependeza zaidi bila hayo.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha peke yao. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Mgeni wa namna hiyo, na wale wanaomfuata kwa sababu ya habari hiyo, husoma kibao kwa lugha yao. Kikiwaambia walioanguka walikuwa waasi, msamaha umeombwa kwa ajili ya nini?

Tumesema njwiywila; lakini katika masimulizi mnong'ono ule huitwa pia jujila, na kibao kina nafasi ya neno moja. Tumechagua njwiywila kwa kuwa kibuyu chetu tumekiweka katika habari ya Umatumbi. Mzee kutoka upande mwingine akija na wajukuu wake, akasimama mbele ya kabati na kusema kwamba kwao hawakuuita hivyo, mlinzi aliandike neno lake na kijiji chake katika daftari, na kibao kitakapochapwa upya yatazamwe yote mawili.